Mashine ya presha haisomeki kwenye simu: anza kuangalia wapi

Kipimo cha presha kina safari mbili. Kutoka kwenye mashine hadi kwenye simu hupita kwa Bluetooth, ambayo haihitaji bando wala mnara. Kutoka kwenye simu hadi kwa mtoto wako aliyeko Arusha au Dar es Salaam ndipo intaneti inapohitajika. Kwa anayeishi Chome, Vudee au Mamba Miamba, ambako mtandao unaweza kukata ukishuka tu bondeni, ni vizuri kujua ni safari ipi iliyokwama. Namba zikionekana kwenye simu yako ila hazijamfikia mtoto, tatizo ni mtandao. Zisipoonekana hata kwenye simu yako, tatizo ni Bluetooth, na kununua bando hakutasaidia.

Maliza kazi ya intaneti ukiwa mjini

Tuseme binti amemnunulia mama yake wa Mamba Miamba mashine ya Omron M7 Intelli IT. Kabla ya kupanda gari kule Same, apakue programu ya OMRON connect na kufungua akaunti, maana hatua hizo zinahitaji intaneti. Afanye hivyo kwenye simu ya mama, siyo kwenye yake.

Kisha aioanishe mashine akiwa ndani ya programu. Hapa wengi hukosea: huenda kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, kama wanavyofanya na spika, na kuioanishia huko. Simu itaandika imeunganishwa, lakini programu haitapokea kitu. Njia sahihi ni kufungua programu, kuchagua aina ya mashine, halafu kubonyeza na kushikilia kitufe cha Bluetooth cha mashine mpaka herufi `P` iwake na kuzima kwenye kioo. Simu ikiuliza, kubali. Mashine ikionyesha `OK`, kazi imekwisha, na saa yake imejirekebisha kufuata simu.

Simu haiioni mashine

Kama simu ni Android 11 au ya nyuma yake, washa `Location`. Android huchukulia kwamba anayetafuta vifaa vya Bluetooth anaweza kujua simu iko wapi, kwa hiyo bila ruhusa hiyo programu haitafuti chochote. Kuanzia Android 12, ruhusa inayohitajika ni `Nearby devices`. Kama uliikataa siku ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo uiruhusu.

Ilikuwa inasoma, sasa imegoma

Turudi kwa mama. Wiki ya kwanza vipimo viliingia vizuri. Binti akaja kumtembelea, akaijaribu mashine kwenye simu yake mwenyewe. Tangu hapo simu ya mama haipokei. Inawezekana mashine sasa inaitambua simu ya binti, huku simu ya mama ikiwa bado na kumbukumbu ya uhusiano wa zamani. Dawa yake ni kufuta na kuanza upya: zima Bluetooth ya simu ya binti, nenda kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu ya mama, gusa jina la mashine, chagua `Forget`, iondoe pia ndani ya programu, kisha oanisha upya kama mara ya kwanza.

Uunganisho ukikatika katikati ya kutuma, sogeza simu karibu na mashine, juu ya meza moja, na uiache programu wazi mpaka imalize. Simu iliyowekwa kwenye hali ya kubana chaji inaweza kuifunga programu kabla namba hazijafika. Angalia na betri za mashine. Alama ya betri ikionekana kwenye kioo, badilisha zote nne kwa pamoja. Vipimo vya zamani havitapotea, ila tarehe na saa zinaweza kufutika. Hakikisha zimekaa sawa kabla ya kupima tena, la sivyo kipimo cha leo kitaingia kwenye tarehe isiyo yake.

Vipimo haviozi

Mashine hii hutunza vipimo 100 kwa kila mmoja wa watumiaji wawili. Mama akipima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, kumbukumbu hiyo inamtosha siku 25, na baada ya hapo kipimo cha zamani zaidi hufutwa kupisha kipya. Kwa hiyo anaweza kukaa wiki mbili bila kutuma na asipoteze kitu, mradi kitufe cha mtumiaji kiko kwenye namba yake, siyo ya baba.

Kipimo halisi ni kile kilicho kwenye kioo cha mashine. Simu ikigoma, andika kwenye daftari tarehe, saa na namba zote tatu, uende nalo kliniki. Na namba zikifika 180 kwa 120 huku kifua kinauma, pumzi inabana au mkono umekufa ganzi, achana na simu, wahi hospitali.