Dada Anasikiliza: Nani Alimuuza?

Wadogo zangu, wiki hii najibu ujumbe wa msichana wa mwaka wa pili chuoni. Anaandika insha ya kozi ya historia kuhusu utumwa Zanzibar, na mhadhiri amemrudishia rasimu na neno moja pembeni: “hisia”. Anauliza, “Dada, mambo haya yanaumiza. Niandike kama ripoti ya mhasibu?” Hapana, mdogo wangu. Kuumia kwako ni haki yako, na sitaki ukufiche. Ila nimeisoma aya yako ya kwanza mara kadhaa, na naona tatizo lilipo.

Umeandika hivi: “Mamilioni ya Waafrika waliburuzwa kinyama kwa minyororo, damu ikichuruzika, wakauzwa na Waarabu makatili katika soko la kutisha la Mkunazini, hadi Waingereza walipokomesha utumwa mwaka 1873.”

Mtafute mtu mmoja katika sentensi hiyo. Hayumo. Mna damu na minyororo, na makundi makubwa yaliyosimama kama vinyago. Msomaji anasisimka, anafunga ukurasa, na hajajua nani alikamatwa, wapi, na kwa sababu gani. Ndiyo maana nakuomba uanze na Swema.

Swema alikuwa msichana wa Kiyao, na masimulizi yake yaliandikwa miaka ya 1860 katika misheni ya Kikatoliki mjini Zanzibar. Mama yake alikuwa mjane aliyekopa chakula kwa jirani na kushindwa kulipa. Jirani akamchukua mtoto badala ya deni, akamuuza kwa msafara uliokuwa ukielekea pwani. Mama hakukubali kutengana na mwanawe, akafuatana na msafara huo na kubebeshwa pembe ya ndovu. Nguvu zilipomwishia wakamwacha njiani. Swema alifika Unguja akiwa hoi, na watu wa mfanyabiashara aliyemleta walipoona hauziki, wakamzika angali hai. Mpita njia alisikia sauti, akamfukua, akampeleka misheni.

Sikutumia neno “kinyama” hata mara moja, na sidhani kama umelikosa. Sasa ona kitenzi kinavyofanya kazi. Kiswahili kinatupa kauli ya kutendwa, na katika mada hii inatudanganya kirahisi: aliuzwa, alitekwa, waliletwa. Kila ukiandika “-wa” hiyo, jiulize “na nani?” Ukiweza kujibu, andika jibu. “Aliuzwa” inakuwa “jirani aliyemdai mama yake alimuuza”, na hapo hapo insha inapata sababu, yaani deni na njaa, mahali ambapo wewe uliweka laana. Usipoweza kujibu, sema kwamba chanzo chako hakitaji aliyefanya. Usijaze nafasi hiyo kwa jina la taifa.

Hapo ndipo “Waarabu makatili” wanapoanguka. Simtetei mtu. Wafanyabiashara wenye asili ya Omani walimiliki mashamba ya karafuu na watu waliofanya kazi humo, na hilo liandikwe wazi. Lakini jirani yake Swema hakuwa Mwarabu. Misafara mingi ya kusini iliongozwa na Wayao, mikopo ilitoka kwa wakopeshaji wa Kihindi mjini, na kabla ya hapo Wafaransa walikuwa wakinunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Taja mtu kwa kazi aliyoifanya: aliyeteka, aliyekopesha, aliyenunua, aliyemiliki. Na huyo wa mwisho usimwite “bwana wake”, kwa kuwa hapo unazungumza kwa mdomo wa mmiliki. “Aliyemmiliki” inatosha.

Wengine mtaniuliza kama “mtumwa” ni neno la kuepukwa. Mimi silitupi, maana sheria, mahakama na soko vilimweka mtu katika hali hiyo, na kulificha neno ni kuificha sheria. Ila jina litangulie: Swema kwanza, hali yake baadaye. Na pale chanzo kinapotofautisha, nawe tofautisha. Mzalia, aliyezaliwa pwani utumwani, hakuishi kama aliyeshushwa juzi kutoka jahazini. Suria hakuwa mke, wala usimwite kahaba. Alikuwa mwanamke aliyemilikiwa na mwanamume aliyemwingilia, na hakuwa na nafasi ya kukataa. Mtoto aliyezaa naye alikuwa huru. Hayo ya mwisho ni kweli kisheria, lakini nimeona insha zikiyatumia kudai kwamba utumwa wa pwani ulikuwa “mpole”. Kulainisha nako ni kutia chumvi, kwa upande wa pili.

Sasa tarehe yako. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Hiyo ni biashara. Watu waliokuwa tayari wanamilikiwa mashambani waliamka kesho yake wakiwa wanamilikiwa vilevile. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na hata hapo mtu alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, huku wamiliki wakilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Ukiandika “utumwa ulikomeshwa 1873”, umewafuta watu wa miaka 36.

Na “mamilioni”? Wamisheni na wanasiasa wa wakati ule walitaja idadi kubwa kwa sababu walikuwa wanaomba michango na manowari. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu uchumi wa Zanzibar, alizipima upya na kuonyesha kwamba nyingi zilivimbishwa, na kwamba watu wengi walibaki kufanya kazi hapa hapa Afrika Mashariki badala ya kupelekwa Arabuni. Ukitaja idadi, taja nani alihesabu, wapi, kwa mwaka gani. Idadi ndogo iliyopimwa haipunguzi uchungu wa mtu yeyote.

Pima na Swema vilevile. Hakushika kalamu yeye. Maneno yake yalipita kwa mapadri, yakaandikwa kwa Kifaransa, yakasomwa na Wakristo wa Ulaya ambao misheni ilitegemea sadaka zao. Mwanahistoria Edward Alpers aliyachambua bila kuyatupa na bila kuyameza. Nawe fanya hivyo kwa sentensi moja tu, mfano: “Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoandikwa na mmisionari, Swema alisema…” Usimtungie mawazo aliyowaza kaburini. Kishawishi ni kikubwa, najua, lakini hilo ni kaburi lake, si lako.

Picha ile ya watu waliofungwa shingo uliyoiweka kwenye jalada, itoe. Haina mwaka, mahali wala mpiga picha, na hakuna aya inayoizungumzia.

La mwisho linahusu darasa lenyewe. Pwani hii, aliyekaa kiti cha mbele yako huenda bibi wa bibi yake alimilikiwa, na wa nyuma yako huenda babu yake alimiliki. Kuitana “mtumwa” bado ni tusi linaloweza kuvunja posa. Kwa hiyo usiandike “Wamanyema ni kizazi cha watumwa”, wala usitaje ukoo ulio hai mtaani kwa mambo uliyoyasikia barazani. Kama mzee amekusimulia ya nyumbani kwake, muulize kwanza kama jina lake liingie, na umsomee aya hiyo kabla hujaikabidhi.