Andika stori ya chapa yako bila kuitia chumvi

Mteja anayeshika bidhaa yako dukani kwa mara ya kwanza hakujui. Anageuza pakiti, anasoma mistari michache, anaamua. Stori ya mwanzilishi inamjibu maswali matatu: nani ametengeneza hiki kitu, kwa nini alianza, na nitajuaje kwamba anasema kweli? Wengi hujibu mawili ya kwanza na kuliruka la tatu. Hilo la tatu ndilo linaloleta imani.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme unatengeneza sabuni ya mwani Paje, Zanzibar, na ulianza mwaka 2021. Bidhaa yako ikiwa nyingine, badilisha majina ya vitu tu. Hatua ni zilezile.

Kusanya kwanza, andika baadaye

Chukua karatasi, chora safu tatu: tukio, lini, ushahidi. Anza na simu yako, kwa sababu picha zina tarehe. Kisha pekua risiti ya mafuta ya nazi, daftari la mauzo, na meseji ya mteja wa kwanza. Andika matukio kumi hivi, hata madogo.

Tukio ambalo huna ushahidi wake lakini unalikumbuka vizuri, liandike kwa upana: “mwaka 2021”, si “tarehe 14 Machi”. Usilolikumbuka vizuri, liache. Stori haipungukiwi na kitu kwa kukosa tarehe, lakini tarehe moja ya kubuni ikigundulika inaharibu zote.

Chagua sababu moja, iwe ndogo

“Nilitaka kuwawezesha wanawake” ni sababu ambayo chapa yoyote inaweza kuisema. Tafuta kilichokufanya wewe uanze. Kwenye mfano wetu: shangazi yako analima mwani. Anafunga mbegu kwenye kamba, anakwenda kuvuna maji ya bamvua yakitoka, anaanika, kisha anauza kwa kilo kwa bei anayopanga mnunuzi. Mwani mwingi wa Zanzibar husafirishwa nje ukiwa mkavu tu. Wewe ukajiuliza: tunaweza kutengeneza nini hapahapa kabla haujaondoka?

Swali hilo linatosha. Usiongeze msiba, njaa wala machozi kama havikuwa sehemu ya safari yako.

Kamata sentensi zinazovimba

Rasimu ya kwanza ya watu wengi huwa hivi:

“Kwa mapishi ya kale ya mababu, timu yetu ya wataalamu inakuletea sabuni ya asili asilimia 100, isiyo na kemikali, inayotibu magonjwa yote ya ngozi na kukomboa mamia ya wanawake.”

Pitia kipande kimoja kimoja, ukiuliza: nani anaweza kunithibitishia hili?

“Mapishi ya kale ya mababu.” Kilimo cha mwani cha kibiashara Zanzibar kilianza mwaka 1989. Wasomaji wa Paje wanawakumbuka walioanza. Futa.

“Timu ya wataalamu.” Mko wawili, wewe na dada yako. Sema wawili. Mteja haogopi udogo, anaogopa kudanganywa.

“Haina kemikali.” Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda. Ikipimwa sawasawa, soda huungana na mafuta na kugeuka sabuni. Ikizidi, sabuni inachonyota. Kwa hiyo usifiche soda, eleza jinsi unavyoipima. Anayejua sabuni akisoma “haina kemikali” ataacha kukuamini hapohapo.

“Inatibu.” Neno hilo linageuza sabuni kuwa dawa, na dawa ina taratibu zake za vipimo na usajili. Kama wateja wanasema ngozi zao zimelainika, hayo ni maoni yao, yaandike hivyo na kwa ruhusa yao.

“Kukomboa mamia ya wanawake.” Hesabu unaonunua kwao. Ni wanne? Andika wanne. Na badala ya “tunawasaidia”, sema “tunanunua kwao”. Wanakuuzia mali waliyoitolea jasho.

Kuwa makini pia na vyeti. Kusajili jina la biashara kunaonyesha biashara yako ipo kisheria. Hakusemi lolote kuhusu ubora wa sabuni. Usiandike “imethibitishwa” mpaka uwe na cheti cha ubora cha bidhaa hiyohiyo, na ukitaje ni cha taasisi gani.

Iandike upya

Sasa stori ya mfano wetu inaweza kusomeka hivi:

“Shangazi yangu analima mwani Paje. Mwaka 2021 nilimwomba kilo mbili nione kama naweza kutengenezea sabuni. Miche ya kwanza ilikuwa laini mno, tukafulia. Nikajifunza kupima mafuta na kostiki soda kwa mizani, na kuiacha sabuni ikomae wiki sita kabla ya kuuza. Leo tunatengeneza wawili, mimi na dada yangu. Mwani tunanunua kwa wakulima wanne na tunawalipa siku tunapochukua mzigo. Hii ni sabuni ya kuogea, si dawa. Kila pakiti ina tarehe ya kutengenezwa. Ukiwa na swali, namba yetu iko nyuma.”

Ona kazi ya ile miche laini. Haikuwekwa ili kujidhalilisha, imewekwa kwa sababu inaeleza mizani na wiki sita zimetoka wapi. Kosa lisilozaa utaratibu wowote mpya liache nje.

Ona pia kwamba sentensi mbili zinaweza kukaguliwa na mteja mwenyewe: tarehe kwenye pakiti na namba ya simu. Stori yako iwe na angalau moja ya aina hiyo.

Omba ruhusa za watu

Shangazi yumo ndani ya stori, kwa hiyo msomee. Muulize kama anataka kutajwa, kwa jina gani, na kama picha yake itumike. Anayekubali kuwekwa mtandaoni huenda hataki sura yake ikae kwenye pakiti, hivyo uliza kimoja kimoja. Akikataa, “mkulima mmoja wa Paje” inatosha.

Ijaribu kabla ya kuichapa

Isome kwa sauti mbele ya mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. Akikunja uso mahali fulani, hapo pana chumvi. Kisha mpe mtu asiyekujua, asome mara moja, muulize anakumbuka nini. Akitaja mwani, mizani au wiki sita, umefaulu. Akisema tu “ni nzuri”, bado hujaandika kitu cha kushika.

Kwa lebo, punguza mpaka mistari mitatu: nani, kutoka wapi, jambo moja la kukagua. “Imetengenezwa Paje na ndugu wawili. Mwani wa wakulima wanne wa hapa. Imekomaa wiki sita, tazama tarehe.”

Ipitie kila unapochapa lebo mpya

Biashara hubadilika kimyakimya. Msimu mbaya ukija, unaweza kuanza kununua mwani wa Pemba kwa dalali. Hakuna ubaya, ila “wakulima wanne wa hapa” si kweli tena. Kabla ya kutuma kazi kwa mchapaji, weka kidole kwenye kila sentensi na uulize kama bado ni kweli leo. Iliyopitwa na wakati irekebishe, hata kama ndiyo uliyokuwa unaipenda zaidi.