Umebadilisha jina la bidhaa, mauzo ya mwaka jana yameenda wapi?

Ramadhani inakaribia. Unauza mitandio online, unataka kujua ubebe shifon nyeusi pisi ngapi safari hii. Unafungua shiti yako ya mauzo, unatafuta MT-SHF-NYE, inakuletea Agosti pisi 22, Septemba 25, Oktoba 24. Kabla ya hapo, sifuri. Kwa mtu asiyejua, hii ni bidhaa mpya inayouza pisi 25 kwa mwezi, basi unabeba 30 au 40, unaona umejiongeza.

Lakini shifon nyeusi hujaanza kuiuza Agosti. Kabla ya hapo ilikuwa inaitwa MT01. Na kulikuwa na MT07, shifon nyeusi ileile ila kutoka kwa saplaya mwingine. Agosti uliamua kupanga majina vizuri, ukaziunganisha zote mbili kuwa MT-SHF-NYE. Ukitafuta kwa majina ya zamani, mwezi wa Ramadhani iliyopita MT01 iliuza 74 na MT07 iliuza 41. Jumla 115. Hapo ukibeba 40, wiki ya pili tu unaanza kuwaambia wateja "imeisha dear", na saplaya naye wakati huo kaishapandisha bei.

Tatizo liko kwenye namba ya bidhaa (wengine wanaita kodi, sio ile ya TRA). Wewe unajua MT01 na MT-SHF-NYE ni kitu kimoja. Shiti haijui. Kwake hayo ni maneno mawili tofauti, kama abaya na dera.

Wengi wakigundua hili wanakimbilia kurudi kwenye mauzo ya zamani na kufuta MT01 zote, wanaandika jina jipya juu yake. Usifanye hivyo. Siku mteja akileta risiti ya zamani yenye MT07, au ukitaka kujua mzigo wa saplaya yupi ulikuwa unarudishwa sana, hutakuwa na pa kuangalia. Mauzo yaliyopita yaache kama yalivyoandikwa.

Badala yake fungua ukurasa wa pili kwenye shiti hiyohiyo, uite Majina. Safu A andika jina lolote ambalo bidhaa imewahi kuitwa. Safu B andika jina lake la leo. Safu C tarehe uliyobadilisha, na D sababu kwa maneno mawili matatu. Kwa hiyo MT01 mbele yake ni MT-SHF-NYE, MT07 mbele yake ni MT-SHF-NYE, na MT-SHF-NYE yenyewe mbele yake ni MT-SHF-NYE. Hiyo ya mwisho watu huiruka wakidhani haina kazi. Iweke, utaona sababu sasa hivi.

Rudi kwenye ukurasa wa Mauzo. Tuseme A ni tarehe, B ni namba ya bidhaa, C ni idadi, D ni bei ya kuuzia. Kwenye E2 weka hii, kisha ivute mpaka chini:

```
=IFERROR(VLOOKUP(TRIM(B2),Majina!A:B,2,FALSE),"HAIPO")
```

Inachukua jina lililoandikwa siku ya mauzo, inalitafuta kwenye Majina, inakuletea jina la leo. TRIM inaondoa nafasi iliyobaki mwishoni mwa neno, maana "MT01" na "MT01 " kwa macho ni sawa, kwa shiti ni vitu viwili. Jina lisilopatikana linaandikwa HAIPO. Ndiyo maana majina ya sasa nayo lazima yawemo kwenye orodha: HAIPO ikitokea unajua moja kwa moja mtu kakosea kuandika, au kuna jina umesahau. Kama shiti yako inagoma, jaribu kuweka ; mahali pa koma, inategemea simu, kompyuta au shiti yenyewe imepangwa kwa nchi gani.

Kuanzia hapo unajumlisha kwa safu E, sio B:

```
=SUMIF(Mauzo!E:E,"MT-SHF-NYE",Mauzo!C:C)
```

Kabla hujaiamini, jumlisha pisi zote za safu C bila kuchagua bidhaa. Kisha jumlisha bidhaa moja moja kwa safu E, pamoja na HAIPO. Majibu mawili lazima yalingane mpaka pisi ya mwisho. Yasipolingana, kuna bidhaa umeisahau kwenye hesabu.

Kitu kimoja cha kuangalia: VLOOKUP inaruka hatua moja tu. Mwakani ukibadilisha tena MT-SHF-NYE iwe SHF-NYE, usiongeze mstari mmoja mpya ukaishia hapo. MT01, MT07 na mstari wa MT-SHF-NYE yenyewe zote zibadilishwe zielekee SHF-NYE, la sivyo zitabaki zimekwama katikati.

Sasa faida. Kuunganisha idadi ni sawa, kuunganisha bei ya kununulia si sawa. Tuseme MT01 ulikuwa unanunua 4,500 na MT07 unanunua 5,200. Ukichukua 4,500 kwa pisi zote 115, zile 41 za MT07 umezipa faida ya uongo ya shilingi 700 kila moja, yaani 28,700. Dawa ni kuandika bei ya kununulia kwenye mstari wa kila mauzo, siku ileile unayouza.

Kuunganisha ndiyo rahisi. Kugawanya ndiko kunakoumiza. Mfano mwaka jana ulikuwa na MT05, "shifon rangi mchanganyiko", iliuza 60 mwezi wa Ramadhani. Mwaka huu umeigawa: maruni, kijivu, kaki. Ile 60 hakuna fomula itakayokuambia maruni zilikuwa ngapi. Usigawe kwa tatu ukasema 20, 20, 20. Hizo ni namba ulizotunga, na utazinunulia mzigo kwa pesa ya kweli. Weka safu nyingine kwenye Majina iitwe Kundi, zote ziandike SHIFON RANGI, ulinganishe mwaka kwa mwaka kwa kundi. Mgawanyo wa rangi uchukue kwenye miezi ya karibuni ambayo rangi zilikuwa zinaandikwa. Kama meseji za oda za WhatsApp bado unazo, huko rangi zipo. Inatosha kurudia mwezi ule mmoja mkubwa, usijitese na mwaka mzima.

Baya zaidi ni jina lililotumika mara mbili. MT03 ilikuwa bandana, ikaisha, baadaye ukaona namba iko wazi ukaipa abaya. Utaijua kwenye safu ya bei: MT03 inauza 6,000, 6,000, halafu ghafla 45,000. Hapa ule ukurasa wa Majina peke yake hausaidii, kwa sababu jina moja haliwezi kuelekea sehemu mbili. Hii ndiyo sehemu pekee ya kugusa mauzo ya zamani: nakili shiti yote kwanza, kisha mistari ya kabla ya tarehe ya abaya ibadilishe iwe MT03-BANDANA, na uandike kwenye safu ya sababu kwamba umefanya hivyo na lini.

Na kama hukumbuki umebadilisha majina gani, panga mauzo kwa mwezi uangalie bidhaa iliyokufa ghafla wiki ileile ambayo nyingine imezaliwa, bei zikiwa zinafanana. Mara nyingi ni kitu kimoja. Ila hakikisha kwa picha kwenye simu yako au risiti ya saplaya kabla hujaziunganisha, maana wakati mwingine bidhaa imekufa kweli na iliyokuja ni nyingine kabisa.