Darsa la leo: Mume anapoongea na mtalaka wake

Juzi baada ya tarawehe dada mmoja kaniuliza: "Ustadh, mume wangu bado anaongea na mtalaka wake, tena wanacheka. Nifanyeje?"

Nikamuuliza, wanaongea nini? Ada ya mtoto na nguo za Idi. Anapokea mbele yako? Ndiyo. Basi dada, hapo hakuna kibaya. Matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba (Al-Baqara, aya ya 233), na hawezi kuyatimiza bila kuongea na mama yake. Kucheka si kurudiana.

Lakini eda ikishaisha, yule ni ajinabi kwake kama wanawake wengine. Kwa hiyo tazama haya: anatoka nje au anageuza simu ukiingia? Mazungumzo yameacha mtoto, yakawa ya usiku, ya wao wawili? Maneno yenu ya chumbani yanakurudia kutoka kwa yule? Hilo la mwisho ndilo zito zaidi, siri ya nyumba imeshatoka.

Ukiliona, usipekue simu. Al-Hujurat aya ya 12 inakataza kupeleleza. Muulize mkiwa wawili, baada ya futari, si kabla. Mkubaliane: yawe ya mtoto tu, na asikufiche.