Yape Maji Njia Pana: Kupima na Kujenga Njia ya Maji ya Nyasi

Mashamba mengi ya Trans Nzoia na Bungoma yana mitaro mizuri ya kukinga maji isiyo na mahali pa kuyamwaga. Mkulima huchimba mtaro juu ya shamba, hupanga matuta ya fanya juu kuelekea chini, kisha ncha za mitaro hiyo huishia barabarani, kwenye njia ya ng'ombe au mpakani kwa jirani. Mvua kubwa za Aprili hunyesha mahindi yakiwa bado machanga na udongo uko wazi. Maji ya ekari nyingi hukutana mahali pamoja, na kabla ya mavuno pana korongo. Kandokando ya Kitale tatizo limezidi pale ambapo mashamba makubwa ya zamani yamegawanywa kuwa vipande virefu vinavyoshuka na mteremko, kwa kuwa sasa mpaka wenyewe ndio uliogeuka mfereji.

Maji hayo yanahitaji njia maalumu ya kushukia: mkanda mpana wa ardhi, wenye kina kidogo, uliofunikwa kwa nyasi zinazotambaa. Mambo mawili ndiyo huamua kama njia hiyo itadumu. La kwanza ni upana, kwa sababu maji yaliyotandazwa hupunguza kina, na yakipungua kina hupunguza kasi. La pili ni mpangilio wa kazi: njia ya maji hujengwa kwanza na nyasi zikashika, ndipo mitaro na matuta yafunguliwe kumwaga humo.

Mahali pake

Njia ya maji haichaguliwi kwa kufuata mpaka. Tembea shambani mvua ikinyesha, au mara tu inapokatika, utaona bonde dogo ambalo maji yenyewe yalikwisha kulichagua. Hapo ndipo pa kuiweka, hata kama inapita katikati ya vipande vya watu wawili. Ukiihamishia ubavuni mwa mteremko ili kunyoosha shamba, mvua kubwa itairuka na kurudi bondeni.

Kisha angalia mwisho wake. Njia inafaa iteremke hadi usawa wa mto, kijito au uwanda wenye nyasi nzito. Ikiishia kwenye ukingo wa mto ulio mita 1 juu ya maji, mvua itaanza kuula ukingo huo, na shimo litapanda mteremko hatua kwa hatua hadi ndani ya shamba. Mahali kama hapo chonga ukingo uwe mteremko wa taratibu, kisha pangia mawe makubwa.

Maji ni kiasi gani?

Tuchukue mfano wa shamba la mahindi upande wa Kitale. Anza kwa kuzunguka eneo lote linalomwaga maji kwenye bonde hilo, ukifuata migongo ya ardhi hata inapoingia kwa majirani. Hesabu pia barabara na mabati ya shule, kwa maana karibu maji yote yanayoanguka hapo hutiririka. Katika mfano wetu eneo lote ni ekari 15, yaani takriban hekta 6, na karibu lote limelimwa.

Mteremko wa bonde hupimwa kwa kamba ya mita 10, miti miwili na pima maji ndogo ya kuning'inizwa katikati ya kamba. Funga kamba kwenye mti wa chini kwa kimo cha mita 1.5. Kwenye mti wa juu, ishushe hadi pima maji ionyeshe usawa. Tofauti ya vimo viwili ndiyo anguko la ardhi. Hapa ni sentimita 40 kwa mita 10, yaani mteremko wa asilimia 4. Rudia kipimo hicho kila mteremko unapobadilika, kwa sababu sehemu kali zaidi ndiyo itakayobomoka kwanza.

Wingi wa maji hukadiriwa kwa kanuni hii:

```
Q = C × I × A ÷ 360
```

Q ni mita za ujazo kwa sekunde, na A ni hekta. C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama, na kwa shamba la mahindi lenye mteremko wa wastani tunaweka 0.5. I ni ukali wa mvua, milimita kwa saa. Kwa eneo dogo kama hili, ambalo maji ya juu hufika chini kwa robo saa hivi, tuchukue 100, maana yake milimita 25 katika dakika 15. Hesabu inatoa 0.5 × 100 × 6 ÷ 360, sawa na mita za ujazo 0.83, au lita zaidi ya 800 kila sekunde. Mfereji wa kina wenye upana wa majembe mawili, ambao wengi huchimba, hauwezi kubeba mzigo huo bila kuchimbika.

Upana

Sasa chagua kasi ambayo nyasi zinaweza kuivumilia. Nyasi zilizofunika ardhi vizuri huhimili mita 1.5 kwa sekunde. Udongo wa mfinyanzi tifutifu ulio wazi huhimili karibu nusu ya hapo au pungufu. Kwa kuwa nyasi haziwi nzuri kila mahali, tukae kwenye 1.2. Gawa 0.83 kwa 1.2, upate kwamba maji yatahitaji nafasi ya mita za mraba 0.7 ukiikata njia kwa upana.

Kinachobaki ni umbo la nafasi hiyo. Sakafu iwe imepinda kama kisahani, bila kona wala ukingo wima, ili hata mvua ndogo isijipatie mkondo wake mwembamba. Kina kinachoruhusiwa hutoka kwenye kanuni ya Manning:

```
V = R^(2/3) × S^(1/2) ÷ n
```

V ni kasi na S ni mteremko, hapa 0.04. R kwa umbo la kisahani kipana ni karibu theluthi mbili ya kina cha katikati. n ni ukinzani wa nyasi, na nyasi zilizokatwa fupi tunazipa 0.04. Ukiweka kasi ya 1.2, R inakuwa karibu mita 0.12, na kina kinakuwa sentimita 18. Ili nafasi ifike mita za mraba 0.7, upana wa juu wa maji lazima uwe mita 6.

Hesabu hiyo ni ya nyasi fupi, ambapo hatari ni kasi. Nyasi zikirefuka hatari ni kufurika, kwa kuwa maji hupunguza mwendo na kuinuka. Kwa n ya 0.06 kina kinapanda hadi karibu sentimita 22. Ongeza nafasi ya tahadhari ya sentimita 13, jumla iwe 35. Kwa kisahani hicho hicho, upana kutoka ukingo hadi ukingo utakuwa mita 8 na nusu hivi. Njia ya mita 250 itachukua takriban nusu ekari. Majirani wakigawana, kila upande hutoa mita 4 na ushei, na kila mmoja hukata nyasi za upande wake kulisha ng'ombe.

Mlima ukiwa mkali

Ukipanda kuelekea Kapsokwony, kwenye miguu ya Mlima Elgon, mteremko wa asilimia 10 ni jambo la kawaida. Maji yale yale, kwa kasi ile ile ya 1.2, sasa yanaruhusiwa kina cha sentimita 9 tu, na upana unaruka kutoka mita 6 hadi karibu 12. Kuchimba zaidi kwenye mteremko kama huo kunaongeza kasi na kuharakisha korongo.

Zipo njia mbili za kupunguza upana huo. Moja ni kuyagawa maji juu kabisa, nusu yaende bonde la pili kama lipo. Nyingine ni ngazi za mawe au gabioni. Ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 10. Ukiacha sakafu ya nyasi ishuke sentimita 40, sentimita 60 zinazobaki zitashuka kwa ngazi moja. Katikati ya ngazi pawe chini kuliko pembeni, mawe yazamishwe ndani ya kingo zote mbili, na pale maji yanapoangukia patandikwe mawe. Ngazi iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo huyasukuma maji pembeni, yakaizunguka na kuiacha imesimama peke yake.

Nyasi kwanza, maji baadaye

Chonga njia wakati wa kiangazi, Januari hadi Machi. Weka kando udongo mweusi wa juu na uurudishe sakafuni ukishamaliza umbo. Mvua zikianza, panda vipande vya mashina yenye mizizi kwa mistari inayokata njia kwa upana, sentimita 30 kati ya mstari na mstari, huku vipande vya mstari mmoja vikiangalia nafasi za mstari unaofuata. Mistari inayoshuka na mteremko huwa mifereji midogo. Kila mita chache tandaza ukanda wa nyasi zilizong'olewa pamoja na udongo wake.

Penye baridi ya Kitale, nyasi ya Kikuyu hushika haraka. Kushuka Bungoma, aina zinazotambaa za joto, kama nyasi ya nyota, hufaa zaidi. Napia usiipande sakafuni, kwani huota kwa mashina yaliyotengana na maji hukata udongo katikati yake. Nyasi zinazotambaa huvamia mahindi, kwa hiyo kata ukingo kwa jembe kila palizi.

Msimu huo wa kwanza usimwage mitaro humo. Acha mtaro wa juu ukiwa umezibwa mdomo, au yaelekeze maji kwingine penye nyasi za zamani. Kwa Kitale, ambako mvua huendelea hadi Septemba au Oktoba, nyasi zilizopandwa Aprili ziko tayari kupokea maji ya msimu unaofuata.

Dalili za kuangalia

Baada ya kila mvua kubwa, tembea kutoka chini kwenda juu. Mstari mwembamba wa udongo mtupu katikati ni ishara kwamba kasi imezidi au nyasi hazijashika. Ujaze udongo na nyasi zenye mizizi siku hiyo hiyo. Matope yaliyofukia nyasi kwenye mdomo wa mtaro yanasema shamba la juu linamomonyoka. Yaondoe, la sivyo yatainua sakafu na kuyatupa maji nje. Maji yakipita nje ya ukingo, mara nyingi plau ndiyo imekata sehemu kila mwaka, mfuo mmoja baada ya mwingine. Pigilia vigingi vya mpaka na upime upana kila Machi kabla ya kulima. Magurudumu ya trekta na kwato za ng'ombe wanaopita mstari mmoja hufungua mkondo vilevile, kwa hiyo nyasi zikatwe na kubebwa, zibakizwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15, na trekta igeukie nje ya njia.