Pungufu ya elbo 274: ninavyohesabu stoo bila kufunga mlango

Ukisimamia stoo ya vifaa vya mabomba, siku ya kuhesabu mzigo wote ni siku ya kupoteza mauzo. Mlango unafungwa, mafundi wanageuza kwenda duka la jirani, na vijana wanahesabu mpaka usiku wakiwa wamechoka. Hesabu ya mtu aliyechoka nayo siiamini sana. Kwa hiyo hapa kwetu Dar tunahesabu kwa mzunguko: kila asubuhi bidhaa chache, mlango ukiwa wazi, na mwaka ukiisha kila kitu kimeguswa, vingine mara nyingi.

Za kuhesabu leo sizichagui kwa kupita rafu ya kwanza mpaka ya mwisho. Bidhaa zinazobeba pesa nyingi na kutoka kila siku, kama mabomba ya PPR, elbo, tii na koki, zinahesabiwa kila mwezi. Za kati, kila robo mwaka. Vile vikorokoro vinavyokaa na vumbi, mara moja au mbili kwa mwaka vinatosha. Juu ya ratiba hiyo naongeza mbili za dharura: bidhaa yoyote ambayo mfumo unaionyesha chini ya sifuri, na ile ambayo mfumo unasema imeisha. Ya kwanza ni kosa hakika, maana huwezi kuwa na elbo hasi tano. Ya pili ni rahisi mno kuhesabu: unaangalia tu kama rafu ni tupu kweli.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Tofauti nyingi nilizowahi kukutana nazo hazikuwa wizi. Zilikuwa za muda na za karatasi: mzigo umeshaondoka kwenye rafu lakini mfumo haujajua, au mfumo umetoa bidhaa moja na mkono umetoa nyingine. Ndiyo maana kabla ya mtu kugusa katoni, kazi ya kwanza ni kukubaliana na saa. Mimi natoa ripoti ya mfumo saa 1:30 asubuhi, kabla invoisi ya kwanza haijapigwa. Halafu naenda eneo la kupakia na eneo la kupokelea, naandika kila kilichosimama pale: kina karatasi gani, na karatasi hiyo imeshaingizwa kwenye mfumo au bado. Mpaka hesabu ya bidhaa hizo iishe, hazitoki wala haziingii. Nyingine zinaendelea kuuzwa kama kawaida.

Karatasi anayopewa anayehesabu ina namba ya bidhaa, jina, saizi, mahali ilipo, na nafasi tupu. Idadi ya mfumo haimo. Ukimwonyesha mtu kwamba mfumo unasema 2,460, macho yake yatazitafuta hizo 2,460. Atahesabu afike 2,440, aone zimekaribia, aandike 2,460. Si kwamba ni mwongo. Ndivyo tulivyo binadamu. Jambo jingine ni kwamba anayetoa mzigo kwenye rafu fulani kila siku haihesabu rafu hiyo, na anayehesabu hana ruhusa ya kurekebisha idadi kwenye mfumo.

Nichukue mfano mmoja niupeleke mpaka mwisho: elbo za PPR za milimita 20. Kwetu zinakuja pakiti ya pisi 20, na katoni ina pakiti 10, yaani pisi 200. Mfumo asubuhi hiyo ulisema 2,460. Kijana aliyehesabu alileta katoni nzima 10, katoni moja iliyofunguliwa yenye pakiti 5, na pisi 86 kwenye ndoo ya rafu ya chini. Namsifu kwa kuandika hivyo, kwa vipande vyake, badala ya kuleta jumla tupu. Jumla ni 2,186. Pungufu 274.

Hapo ndipo stoo nyingi zinapoharibu. Bosi akisikia 274 anataka jina la mtu, na msimamizi mwoga anaingia kwenye mfumo, anaandika 2,186, mambo yanaisha. Namba zinalingana, lakini sababu imezikwa, na mwezi ujao itazaa nyingine.

Nilianza na karatasi yangu ya eneo la kupakia. Kulikuwa na mzigo wa mteja uliotolewa rafuni jana yake jioni, ndani yake elbo 160 za milimita 20, ukisubiri gari. Mfumo wetu haupunguzi stoku mpaka delivari noti ithibitishwe gari linapotoka. Kwa hiyo mfumo ulikuwa bado unazihesabu, na rafu haikuwa nazo. Nilizotakiwa kuzikuta rafuni zilikuwa 2,300 tu. Pungufu ikashuka mpaka 114. Hiyo 160 hairekebishwi popote, na hapa wengi wanateleza: ukiipunguza kwa mkono leo, delivari noti ikithibitishwa mchana itapunguzwa mara ya pili, na wiki ijayo utakuwa na ziada ya 160 usiyojua imetoka wapi.

Hatua iliyofuata ni kuhesabu upya, na mtu wa pili hakuonyeshwa hesabu ya kwanza. Nilikwenda naye. Katoni kumi zilikuwa zimepangwa vizuri, lakini moja ilikuwa imefungwa kwa seloteipu ya kaki, wakati zile tisa zilikuwa na seloteipu ya kiwandani yenye maandishi. Nikamwambia, "Fungua hiyo."

"Mkuu, hii nzima, angalia ilivyojaa."

"Fungua, kaka."

Ndani mlikuwa na pakiti 9. Mtu aliwahi kuifungua, akatoa moja, akaifunga tena vizuri kwa nia njema kabisa ili vumbi lisiingie. Hesabu ikashuka kutoka 2,186 mpaka 2,166, na pungufu ikarudi juu mpaka 134. Usishangae pungufu kuongezeka unapotafuta. Unatafuta idadi ya kweli, si pungufu ndogo. Tangu hapo katoni yoyote iliyofunguliwa tunaipiga mstari wa maka pen mwekundu na kuandika idadi iliyobaki, na haipangwi pamoja na nzima.

Tatu, nikaangalia majirani. Bidhaa ikipungua, kabla ya yote nahesabu zile zinazofanana nayo: saizi ya juu, saizi ya chini, na rangi nyingine kama ipo. Elbo za milimita 25 zilikuwa na ziada ya 120. Ziada na pungufu zinazokaribiana namna hiyo kwa bidhaa mbili zilizo rafu moja karibu kila mara ni mabadilishano. Nikavuta invoisi zote za milimita 25 tangu hesabu ya mwezi uliopita, nikitafuta yenye pisi 120. Ilikuwepo moja. Oda ya fundi iliyoandikwa kwa kalamu, ikiwa imepinwa nyuma yake, ilisema milimita 20. Aliyeingiza mauzo alichagua mstari wa chini yake kwenye orodha, na kijana wa stoo akatoa mzigo kwa kusoma karatasi ya fundi. Mteja alipata alichotaka, ndiyo maana hakulalamika. Ila alilipishwa bei ya milimita 25, kwa hiyo suala hilo likaenda mauzo ili wamrudishie tofauti. Stoo peke yake isingetosha kulimaliza.

Baada ya hapo zikabaki pisi 14. Nilipekua ndoo za jirani, mzigo uliorudishwa na wateja, na boksi la vilivyovunjika. Sikupata kitu. Kwa bidhaa ya bei ndogo kama hii kiwango chetu cha kuvumilia ni asilimia moja, na 14 kati ya 2,300 ni kama asilimia 0.6, hivyo niliacha kutafuta. Kwa koki za bei kubwa kiwango ni sifuri: ikikosekana moja, tunaitafuta.

Kwenye daftari la tofauti sikuandika mstari mmoja wa 274. Niliandika minne, kila mmoja na sababu yake. Pungufu 160, mzigo uliosimama, namba ya delivari noti, hakuna marekebisho. Hesabu ya kwanza ilizidi 20, katoni iliyofunguliwa, hakuna marekebisho ya mfumo kwa sababu kosa lilikuwa la kuhesabu. Pungufu 120, mabadilishano na milimita 25, namba ya invoisi, hamisha kati ya bidhaa mbili. Pungufu 14, sababu haijulikani, punguza, na saini ya mhasibu. Sababu ninazoruhusu hazizidi saba, ili mwisho wa robo niweze kuzipanga na kuona ni ipi inajirudia. Ukiacha kila mtu aandike maneno yake utapata "ilikosewa" mara arobaini, na hutajua nini kilikosewa.

Jambo moja la hesabu ya jumla. Ninatumia Excel: safu ya C ni idadi ya mfumo baada ya kutoa mzigo uliosimama, D ni iliyohesabiwa, na E ni tofauti. Chini yake naweka fomula mbili:

```
=SUM(E2:E31)
=SUMPRODUCT(ABS(E2:E31))
```

Ya kwanza ndiyo wakubwa wanaipenda, kwa sababu ziada inafuta pungufu. Kwa lile kosa la invoisi peke yake, elbo zetu mbili, moja hasi 120 na nyingine chanya 120, zinaonekana sifuri, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ya pili inaonyesha 240, na hiyo ndiyo hali halisi ya rafu: bidhaa mbili zenye idadi isiyo sahihi, moja muuzaji angemwahidi mteja kitu ambacho hakipo, nyingine angemnyima kilichopo. Napeleka zote mbili kwenye ripoti, kwa pesa na kwa pisi, lakini stoo naipima kwa ya pili.

Hesabu ya mzunguko ina mipaka. Haikamati mzigo uliowekwa mahali ambapo mfumo haupajui, kwa sababu karatasi inakupeleka kwenye rafu iliyoandikwa tu. Kwa hiyo mara moja moja tunageuza: tunachagua rafu badala ya bidhaa, na kuandika kila kilichopo, kiwe kwenye orodha au la. Wakaguzi wa hesabu nao bado watataka kuja kuhesabu wenyewe mwisho wa mwaka, ila wakikuta daftari lenye sababu na namba za karatasi, kazi yao inakuwa fupi.

Kama utaanza kesho, chukua bidhaa tano tu, na kabla hujachapisha karatasi ya kuhesabia nenda kwanza eneo la kupakia uandike kilichosimama pale.