Mteja Huyu Katoa Kurasa Ngapi? Vidokezo kwa Mwenye Stesheneri

Stesheneri nyingi za jirani na vyuo hupanga bei kwa kuchungulia jirani anatoza ngapi. Lakini printa yako inajua kila upande iliouchapa, na kompyuta inajua kazi iliingia saa ngapi. Ukizikutanisha hesabu hizo mbili na daftari, utajua kila kazi imekuletea nini.

1. Soma kaunta kazi inapoisha

Kwenye mashine nyingi za Canon, kaunta hufunguka kwa kitufe chenye namba 123. Printa ndogo nyingi hutoa namba hiyo kwenye karatasi ya taarifa za mashine. Kumbuka kuwa karatasi hiyo nayo huongeza moja. Andika saa, mteja na namba. Mwisho wa mteja mmoja ndio mwanzo wa anayefuata, kwa hiyo pengo lolote litajitokeza lenyewe.

2. Ijue kaunta yako

Kaunta huhesabu pande zilizochapwa, haihesabu karatasi. Karatasi moja iliyochapwa mbele na nyuma ni mbili. A3 huhesabiwa moja kwenye mashine fulani na mbili kwenye nyingine. Tena, kurasa zikiwa witiri, mashine nyingine huhesabu hata mgongo mtupu wa karatasi ya mwisho. Jaribu: chapa waraka wa kurasa 3, pande mbili, nakala 2. Kaunta ikisogea 6, haihesabu mgongo mtupu. Ikisogea 8, inauhesabu.

3. Washa kumbukumbu ya kompyuta

Windows huwa na kumbukumbu ya uchapaji, ila kwa kawaida imezimwa. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, kisha andika:

```
wevtutil sl Microsoft-Windows-PrintService/Operational /e:true
```

Baada ya hapo kila kazi itaonekana ndani ya Event Viewer, kwenye PrintService, kwa namba 307, ikiwa na saa na idadi ya kurasa. Kuna mitego miwili. Jina la faili mara nyingi halionyeshwi, hivyo kinachokuunganisha na mteja ni ile saa uliyoandika daftarini. Pili, mara nyingi 307 haizidishi nakala: waraka wa kurasa 64 uliotolewa mara 3 husomeka 64. Idadi ya nakala itafute kwenye tukio namba 805, sehemu ya Details. Na kwa kuwa kumbukumbu ikijaa hufuta ya zamani, inakili kila wiki.

4. Pima tona kwa kaunta yako mwenyewe

Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona hukadiriwa kwa ukurasa wenye wino kiasi cha asilimia 5 tu. Picha na majedwali meusi hula zaidi. Andika kaunta siku unapoweka tona na siku inapoisha. Tuseme tona ya shilingi 75,000 imetoa pande 2,500: kila upande umekula shilingi 30. Rimu ya karatasi 500 kwa shilingi 12,000 ni shilingi 24 kwa karatasi.

5. Sasa piga hesabu ya kazi nzima

Mwanafunzi ameleta ripoti ya kurasa 64, nakala 3, pande mbili. Kaunta imetoka 48,210 hadi 48,406, yaani pande 196, wakati ulitegemea 192. Kumbukumbu inaeleza: baada ya kazi ya 64 mara 3 kuna kazi nyingine ya kurasa 4, dakika chache baadaye. Ndizo karatasi mbili zilizokwama zikarudiwa. Hizo ni gharama ya duka, usimtoze mteja.

Karatasi 98 ni shilingi 2,352 na tona ya pande 196 ni 5,880, jumla 8,232. Ukitoza shilingi 100 kwa karatasi, kwa kuwa ndiyo bei uliyoizoea ya upande mmoja, unapata 9,600. Zinabaki 1,368 za umeme, pango, fundi na jasho lako. Ukitoza 80 kwa upande unapata 15,360, zinabaki 7,128, na mteja bado amelipa chini ya 19,200 ambazo angelipa kwa upande mmoja mmoja. Kuchapa pande mbili kunapunguza karatasi. Tona haipungui hata tone.

6. Jioni, linganisha

Kaunta ikizidi kumbukumbu, kwanza angalia fotokopi: zinazotolewa juu ya kioo hazipiti kwenye kompyuta, basi ziandikwe daftarini papo hapo. Kumbukumbu ikizidi kaunta, kuna kazi iliyotumwa ikakatishwa kabla ya karatasi kutoka. Ikiwa sababu hizo mbili haziielezi tofauti, hesabu karatasi zilizobaki kwenye rimu, kisha muulize aliyekuwa zamu wakati kumbukumbu ya saa ile bado ipo.